Sherehe ya mahafali kwa wiki sita: anzeni na idadi ya sahani

*Shikamoo mama. Mdogo wangu wa kike anahitimu shahada yake hapa Mwanza wiki sita zijazo, na ukoo umeunda kamati ya sherehe ambayo mimi ni katibu wake. Tunafikiria wageni mia mbili, baadhi wakitoka Ukerewe na Sengerema, lakini ahadi za michango ni nyingi kuliko fedha iliyoingia. Tupange vipi ukumbi, chakula, kadi na kazi za wasaidizi ili tusiaibike siku yenyewe?*

Marahaba, mwanangu. Ukumbi, chakula, kadi na wasaidizi vyote vinaongozwa na tarakimu moja, nayo ni idadi ya sahani zitakazoliwa usiku huo. Kamati nyingi huitaja siku ya kikao cha kwanza, wakaiandika kwenye daftari, kisha hawaigusi tena mpaka mpishi anapouliza siku mbili kabla ya sherehe. Ninyi igawanyeni katika hatua tatu: makisio wiki ya kwanza, uamuzi mwisho wa wiki ya nne, na tamko la mwisho kwa mpishi siku tatu kabla ya sherehe.

Wiki ya kwanza ni ya tarehe na ukumbi. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, mdogo wako athibitishe chuoni mambo mawili: kwamba jina lake limo katika orodha ya wahitimu, na kwamba tarehe ya mahafali imetangazwa rasmi. Aulize pia joho linarudishwa lini, kwa kuwa familia nyingi hutaka aingie ukumbini akiwa amelivaa, na haifai kugundua jioni ile kwamba lilitakiwa kurudi mchana. Ikiwa sherehe ni siku ileile ya mahafali, msipange chochote kabla ya jioni, kwa sababu shughuli za chuo huvuka saa zilizotangazwa na wahitimu hubaki nyuma wakipiga picha na wenzao.

Katika kuchagua ukumbi, swali la kwanza ni unachukua watu wangapi wakiwa wameketi kwenye meza, pamoja na jukwaa, meza za chakula na njia ya kupita. Ukumbi unaosifiwa kuchukua watu mia tatu mara nyingi huwachukua wakiwa wamepangwa kwa safu kama mkutanoni. Ukishaingiza meza za duara, idadi hupungua sana. Swali la pili ni kama mnaruhusiwa kuleta mpishi na vinywaji vyenu, na kama kuna ada ya kuingiza vitu kutoka nje. Kuna kumbi za bei nafuu ambazo faida yake yote iko kwenye soda, nanyi mkishajumlisha ada hiyo mtaona ukumbi wa bei ya juu kidogo ndio uliokuwa rahisi. Ulizeni jenereta inawashwa na nani na mafuta ni ya nani, maji yanatoka bombani au kwenye tangi, mlango unafungwa saa ngapi, na fedha ya dhamana ya uharibifu inarudishwa lini. Majibu yote yaandikwe kwenye risiti au mkataba mfupi. Kama sherehe yenu inaangukia mwishoni mwa mwaka, mtakuwa mkigombea kumbi na wenye harusi na sendofu, na pia ni majira ya vuli, kwa hiyo bustani nzuri yenye upepo wa ziwa haifai bila turubai la uhakika. Lipeni malipo ya awali ndani ya wiki hiyo ya kwanza, hata kama ni madogo, mradi mmeandikiwa tarehe.

Sasa nije kwenye fedha, maana ndiko swali lako linakouma. Ahadi si fedha, na mpishi hapiki kwa ahadi. Njia ninayoitumia ni kutenganisha gharama katika mafungu mawili: zile ambazo hazibadiliki hata wageni wakipungua, na zile zinazokwenda kwa kichwa. Nitaifanya hesabu kwa tarakimu za mfano, nanyi mtaweka bei mtakazopewa.

Tuseme ukumbi ni shilingi 700,000. Mapambo, muziki na mshereheshaji kwa pamoja ni 1,300,000. Kadi, usafiri na akiba ya dharura ni 300,000. Hayo ni 2,300,000 yasiyobadilika. Chakula ni 12,000 kwa sahani, na soda mbili pamoja na maji ni 3,000, yaani kila mtu ni 15,000. Mkiwa na wageni mia mbili, kamati huzidisha kwa mia mbili na kufurahi. Lakini mshereheshaji atakula, wapiga muziki watakula, mpiga picha na msaidizi wake, waliopamba ukumbi, madereva, mlinzi na wale wasaidizi wenu wasioalikwa kwa kadi watakula. Hawa hawana kadi, na ndio wanaomaliza chakula cha meza za mwisho. Kwa sherehe ya ukubwa huu mimi huwawekea sahani 20. Kwa hiyo ni sahani 220, ambazo ni 3,300,000, na jumla kuu ni 5,600,000.

Mwisho wa wiki ya nne ukikuta fedha iliyo mkononi kwa mweka hazina ni 4,400,000, usiendelee kuwahimiza watu kana kwamba pengo halipo. Toa gharama zisizobadilika, inabaki 2,100,000. Gawanya kwa 15,000, unapata sahani 140. Ondoa zile 20, unabaki na wageni 120. Hapo kamati inaona ukweli kwa uwazi: ama wageni themanini wasialikwe, ama kitu kingine kipungue. Ukiondoa kuku na kubakiza nyama ya ng'ombe peke yake kama kitoweo, huenda sahani ikashuka hadi 9,000, na pamoja na vinywaji ni 12,000. Fedha ileile 2,100,000 sasa inatoa sahani 175, yaani wageni 155. Mkipunguza na mapambo kwa 450,000, mnakuwa na 2,550,000 ya chakula, ambayo ni sahani 212, na wageni 192. Mmekaribia mia mbili bila kukopa. Ni maoni yangu, na wenye kazi ya mapambo watanisamehe, kwamba mgeni aliyekosa kitambaa cha kung'aa kwenye kiti hatakumbuka, ila aliyekosa chakula atasimulia mpaka mahafali ya mtoto wa pili.

Fedha zinazoingia baada ya siku hiyo ya uamuzi zipokeeni kwa shukrani, lakini zitumike kurudisha kilichoondolewa, kuku kwa mfano, wala zisiongeze wageni wapya. Wekeni namba moja tu ya simu ya kupokelea michango, jina litakalotokea likiwa la mweka hazina, na kila jioni yeye amtumie mwenyekiti na wewe salio. Orodha ya waliolipa inayobandikwa kwenye kundi la WhatsApp kila siku huchochea wengine, ni kweli, lakini msibandike orodha ya waliokuwa hawajalipa. Mjomba aliyeahidi na kuugua hapaswi kusomwa na ukoo mzima.

Kadi za mchango ziende wiki ya pili. Kadi za mwaliko ni jambo jingine, na zisichapwe kabla ya uamuzi wa wiki ya nne. Wengi huchapa mapema kwa kuwa mchapaji amewapunguzia bei, kisha kadi zilizoko mkononi ndizo zinazoanza kuamua idadi ya wageni. Chapeni singo na dabo kulingana na hesabu. Wageni 192 wanaweza kuwa dabo 70 na singo 52; dabo ni sahani mbili, na hesabu ya kadi bila kutenganisha hizo mbili ndiyo inayowadanganya makatibu wengi. Kila kadi iwe na namba, na wewe uwe na daftari linaloonyesha namba, jina, aina ya kadi, na aliyekabidhiwa kuipeleka. Mjumbe akichukua kadi kumi, atie sahihi kwa kumi, na asiyezifikisha azirudishe siku tano kabla ya sherehe ili wapewe waliokuwa kwenye orodha ya akiba.

Kwenye kadi andikeni muda wa kweli. Mkiandika saa kumi na moja jioni mkitegemea watu wafike saa moja, wazee watafika saa kumi na moja, na watakaa wakitazama wapambaji wakipanda ngazi. Kuhusu watoto, kama hamkuwahesabu, neno liwe kwenye kadi kwa upole. Watoto wa ukoo wenyewe hawazuiliki, kwa hiyo wahesabuni kama nusu sahani na muwape meza yao na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia.

Wageni wa Sengerema safari hii wana nafuu, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025 na hawana tena haja ya kusubiri kivuko cha pale. Wa Ukerewe wanategemea ratiba ya meli za Nansio, na sherehe ikiisha usiku hawana pa kwenda. Anayetoka kisiwani ahesabiwe malazi ya usiku mmoja angalau, pamoja na chai ya asubuhi. Kadi zao ziwe za kwanza kutoka, na taarifa ya simu itangulie kadi, ili wapange safari kabla ziwa halijawaamulia.

Sasa chakula chenyewe. Mpishi achaguliwe wiki ya pili, na asichaguliwe kwa orodha ya vyakula wala kwa picha za simuni. Nendeni mkaonje kwenye sherehe anayopika, au mlipieni apike kidogo. Muulizeni maswali ambayo jibu lake linaonyesha kama anajua idadi: kilo moja ya mchele anailisha watu wangapi? Kwa sherehe yenye pilau na ndizi mezani, kilo moja kwa watu wanane ni kipimo cha haki. Akisema kumi na tano, mtalia. Kwa sahani zenu 212 hiyo ni takriban kilo 27 za mchele. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, ikiwa ndiyo kitoweo pekee, kilo moja kwa watu watano, ambayo ni kilo 43. Ikiwa na kuku pembeni, kilo moja huweza kufika watu sita, na kuku mmoja akatwe robo nne. Soda mbili kwa kila sahani ni chupa 424, na kreti ina chupa 24, kwa hiyo ni kreti 18. Mchele ununuliwe kwa mfanyabiashara mmoja na uwe wa namna moja. Mchele wa zamani hunywa maji mengi na kufura, mpya hubaki mzito, na ukichanganya gunia mbili tofauti nusu ya pilau itakuwa bokoboko na nusu ngumu.

Watu wa Mwanza hutaka samaki mezani, na ni haki yao. Ila sato mzima ni mgumu kwa watu mia mbili, kwa sababu samaki hawalingani, na aliyepata mdogo atamtazama jirani. Bora vipande vya sangara visivyo na mifupa, vilivyokatwa kwa kipimo kimoja, vikaangwe mwishoni kabisa kabla ya kupakia gari, na vinunuliwe asubuhi ya siku hiyo pale sokoni Mwaloni. Kama ukoo wenu una Waislamu na Wakristo, nyama na kuku vichinjwe na Mwislamu, na mpishi aambiwe hilo mapema.

Kuna jambo la usalama ambalo halisemwi vya kutosha. Chakula cha sherehe ya usiku mara nyingi huiva mchana, kikafunikwa, kikasafirishwa, kikasubiri hotuba. Wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi huzalisha vijidudu vinavyotoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Chakula kinachosubiri lazima kibaki cha moto hasa, nyuzi joto 60 na zaidi, na ukifunua sufuria uone mvuke ukipanda. Kama mpishi hana vyombo vya kushikia joto, chakula kiive karibu na saa ya kula, hata kama ni lazima apikie nyuma ya ukumbi. Kachumbari ikatwe mwisho, na isichanganywe chumvi na ndimu mpaka watu wako tayari kuhudumiwa, vinginevyo itakuwa supu. Barafu inayouzwa kwa ajili ya kupozea samaki ipozee chupa kwa nje tu, isiingie kwenye glasi ya mtu.

Foleni ya chakula ndiyo inayoharibu sherehe nyingi nilizoziona, hata pale chakula kilipotosha. Mtu mmoja hutumia karibu sekunde ishirini kujaza sahani akiwa upande mmoja wa meza. Watu 212 wakipita kwenye mstari mmoja ni dakika sabini, na wa mwisho anafika sufuria zikiwa zimepoa huku wa kwanza wakiondoka. Wekeni meza mbili za chakula, kila moja ikipitiwa pande zote mbili, nanyi mtakuwa na mistari minne. Hata kwa watu wanaosimama kusalimiana, nusu saa inatosha. Wali na mboga mtu ajichotee mwenyewe. Nyama igawiwe na msaidizi mwenye kijiko, na awe mtu asiyeona haya kusema "shangazi, hii inatosha, utarudi". Msimpe kazi hiyo kijana wa ukoo wenu, kwa sababu hatamkatalia mjomba wake.

Wasaidizi muwaweke wiki ya tano, kila mmoja akiwa na kazi moja na kiongozi mmoja. Wawili mlangoni wakiwa na daftari la namba za kadi. Wanne wa kupokea na kuketisha, ambao wanajua meza za wazee, za walimu na za wageni wa Nansio. Wanne kwenye mistari ya nyama, na wanne wa vinywaji, wanaotembea mezani badala ya kuwaacha watu wajisogelee kreti. Wawili wa zawadi, mmoja akipokea na mwingine akiandika jina la mtoaji na kitu alichotoa, bahasha zikiachwa bila kufunguliwa na kuwekwa kwenye sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mweka hazina. Mmoja wa kuangalia wapishi na wapiga muziki wanakula lini, na mmoja wa magari. Wasaidizi wote wale kabla ya wageni, saa kumi na moja jioni, hata kama ni chapati na chai nzito. Msaidizi mwenye njaa anajipakulia kwanza.

Katika ratiba ya ukumbi ningekushauri kuweka chakula kabla ya zawadi. Najua wazee wengi hutaka zawadi kwanza ili watu wasiondoke, lakini makundi ya zawadi huja na ngoma, yakicheza kutoka mlangoni, na mshereheshaji hawezi kuyakatiza. Sherehe inayoanza saa moja, chakula kikawa saa mbili na nusu, inaweza kuruhusu zawadi kwa muda mrefu bila mtu kukasirika. Hotuba zisizidi tatu, na mmoja wa wanakamati akae karibu na mshereheshaji akiwa ameshika ratiba mkononi.

Siku tatu kabla ya sherehe hesabu sahani za kadi zilizokabidhiwa kwa wenyewe, dabo ikiwa mbili, ongeza zile nusu sahani za watoto na zile sahani 20, na umpe mpishi tamko la mwisho kwa maandishi. Msimlipe yote siku hiyo. Utaratibu unaokubalika na wapishi wengi ni sehemu kubwa kabla ili anunue vitu, na salio baada ya chakula kufika ukumbini na kuhesabiwa. Mtu wa kamati awepo vyombo vinapofunguliwa, ahesabu sufuria za pilau na nyama na kuandika. Usiku mkiondoka, hesabuni chupa tupu na kreti kabla mwenye ukumbi hajazima taa, kwa sababu chupa zilizopotea hulipwa nanyi, na asubuhi hakuna atakayejua zilikokwenda. Dhamana ya ukumbi idaiwe siku inayofuata mkiwa na risiti. Kisha wewe na mweka hazina mwandike taarifa ya mapato na matumizi ndani ya wiki moja, isomwe kwenye kikao cha kuvunja kamati, na kilichobaki, kama kipo, kikabidhiwe kwa mhitimu mbele ya wanakamati.